Ufa Uliotokea Mgongoni

Zilikuwa boriti tano za kwanza nilizozipigia hesabu mwenyewe. Tulikata nyaya alfajiri, na kabla sijamaliza chai msimamizi wa zamu, mzee aliyeanza kumwaga zege mimi sijazaliwa, akaniita. "Injinia, hebu njoo uangalie mgongo." Alikuwa amemwagia boriti maji kwa kopo. Yalipoanza kukauka, mistari miwili myembamba ilibaki na unyevu, imekata upana wote wa boriti, kila mmoja ukiwa kama mita moja kutoka mwishoni. Nyufa. Boriti ilikuwa haijabeba hata ndoo, na ufa ulikuwa juu, upande ambao darasani hatukuwahi kuuogopa.

Darasani tuliogopa tumbo. Boriti iliyoegemezwa kwenye nguzo mbili ikipata mzigo hupinda: mgongo hubanwa, tumbo huvutwa. Zege likibanwa halina neno, lakini likivutwa nguvu yake ni kama sehemu moja ya kumi ya ile ya kubanwa. Katika boriti ya kawaida nondo hungoja zege lipasuke kidogo ndipo zianze kufanya kazi hasa. Katika boriti zetu waya huvutwa kwanza, zege likamwagwa kuuzunguka, na likishakomaa kiasi tunaulegeza. Waya unataka kurudi ulivyokuwa, zege limeung'ang'ania, basi zege ndilo linalobanwa. Mzigo ukija, kazi yake ya kwanza ni kuumaliza ule mbano wa tumboni. Usipoumaliza, tumbo halijui kuvutwa ni nini.

Kila kibarua anaijua kanuni hii viganjani. Anapohamisha matofali matano kwa mkupuo huyapanga ubavu kwa ubavu na kuyabana kutoka ncha mbili, nayo hunyanyuka kama ubao mmoja. Akiyabana juu mno, ya katikati hufunguka chini na kuanguka. Akiyabana chini kidogo, safu hukaza na hata kutaka kuinuka katikati. Mahali pa kubana ni muhimu sawa na nguvu ya kubana.

Boriti zangu zilikuwa na upana wa milimita 300, kimo cha 600 na urefu wa mita 10. Uzito wake wenyewe ni kilonyutoni 4.5 kwa mita, na zilitakiwa kubeba 12 zaidi kwa mita. Katikati, chini kabisa ya tumbo, uzito wa boriti huleta mvuto wa nyutoni 3.1 kwa kila milimita ya mraba, na mzigo huongeza 8.3. Jumla ni kama 11.5, na hakuna zege la kuvumilia hilo.

Nilitumia nyaya tano za kusokotwa, zenye unene wa milimita 15.2. Ukiondoa kinachopotea kwa miaka, zinabaki na kilonyutoni 780 kwa pamoja. Ningezipitisha katikati ya kimo, zingebana boriti yote sawasawa kwa 4.3 tu. Nilizishusha hadi milimita 100 kutoka chini. Sasa pamoja na kubana zinaipinda boriti kwenda juu, na mbano wa tumboni unakuwa 13. Nyaya ni zilezile tano na nguvu ni ileile, lakini faida ni mara tatu. Toa 11.5, kinabaki kiasi cha 1.5 cha mbano hata mzigo wote ukiwa juu. Nilifurahi sana na hesabu hiyo.

Nimesema kinachopotea. Zege husinyaa likikauka, na likibanwa kwa muda mrefu huendelea kujifupisha polepole. Mfaransa Eugène Freyssinet, aliyepata hataza ya mbinu hii mwaka 1928, aliielewa tabia hiyo kuliko waliomtangulia, waliovuta chuma cha kawaida. Chuma hicho ukikivuta kwa nyutoni 200 kwa milimita ya mraba kinarefuka sehemu moja tu katika elfu, na zege linaweza kujifupisha kiasi hichohicho na zaidi. Mbano wote unayeyuka. Waya wetu tunauvuta hadi 1,395, unarefuka sehemu saba katika elfu, kwa hiyo zege likila moja na kitu, nyingi zinabaki.

Urefu huo ndio mlinzi wetu yadini. Kitanda chetu kina mita 60, na waya ukivutwa sawasawa lazima urefuke milimita 430 hivi. Tunasoma geji ya jeki, kisha tunapima kwa futikamba. Geji ikionyesha nguvu imetimia na waya umerefuka pungufu, ama umekwama mahali au geji inadanganya. Ukirefuka kupita kiasi, kabari inateleza. Tofauti ikizidi asilimia 5 tunasimama. (Na hakuna anayesimama nyuma ya jeki. Waya mmoja umebeba karibu tani 20.)

Siku ile vipimo vyote vilikuwa sawa. Kosa lilikuwa langu, kwenye karatasi. Nilikuwa nimeikagua boriti ikiwa na mzigo, na nimeikagua katikati. Sikuikagua ilipozaliwa, karibu na ncha zake.

Siku ya kukata, nyaya zina nguvu kubwa kuliko zitakavyokuwa nayo maishani, karibu kilonyutoni 900. Mpindo wa kwenda juu unaolibana tumbo ndio unaouvuta mgongo, na ukitoa mbano wa kawaida, mvuto unaobaki mgongoni ni 5. Katikati ya boriti uzito wake wenyewe unaubana mgongo kwa 3.1, mvuto unashuka hadi 1.9, zege linapumua. Lakini uzito huo hauna la kusaidia karibu na ncha. Mita moja kutoka mwisho, pale waya unapokuwa umelishika zege kikamilifu, uzito unatoa 1.1 tu. Mvuto unabaki 3.9, na zege la siku tatu halifiki hata 3. Mzee alikuwa amemwaga maji palepale.

Nilijitetea kwa mkaguzi wa mteja: mzigo ukija utaubana mgongo na nyufa zitajifunga. Akachukua kalamu. Baada ya miaka nyaya zitakuwa zinauvuta mgongo kwa 4.3, na mzigo wote, mita moja kutoka nguzoni, unarudisha 4.1. "Hazifungi," akasema, akaandika "zimekataliwa".

Kundi lililofuata nyaya zilibaki tano palepale, ila wa pili na wa nne tuliuvalisha bomba la plastiki kwa mita 2 kila mwisho, ili usilishike zege sehemu hiyo. Karibu na ncha zinabana tatu tu, na mvuto wa mgongoni unashuka chini ya 2. Nyaya tano zinaanza kubana pamoja mbele zaidi, ambako uzito wa boriti una nguvu ya kuzikabili. Midomo ya mabomba izibwe kwa utepe vizuri. Uji wa saruji ukiingia, waya unashika zege kama kawaida na ufa unarudi.

Na mkiziweka boriti yadini, magogo ya kuegemezea yawe mwishoni. Ukiweka gogo katikati, uzito unageuka na kuusaidia waya kuupasua mgongo. Kwa sababu hiyo kila boriti yetu huandikwa "JUU" kwa rangi nyekundu, herufi za kiganja kizima.

Zile tano za kwanza bado zipo, kando ya geti. Vijana huzikalia wakila mchana.