Desemba Isiyokwisha

Kwetu Uchaggani kujilinganisha kulikuwa na mwezi wake, na mwezi huo ni Desemba. Krismasi inapokaribia, mabasi ya kutoka Dar es Salaam hujaa, magari madogo hufuatana katika njia za Kibosho, Uru, Machame, Marangu na Rombo, na vihamba vilivyokuwa kimya mwaka mzima hujaa vicheko vya watu waliotoka Mwanza, Mbeya, hata ng'ambo. Wenzetu wa mikoa mingine hututania kwa desturi hii, na utani wao una haki. Asiyerudi hutafutiwa sababu, anayerudi hupimwa. Amekuja na gari gani? Amejenga wapi? Mabati ya nyumba ya mama yake amekwisha kuyabadilisha?

Nimekulia ndani ya vipimo hivyo, na sisemi vilikuwa na huruma. Shangazi yangu mmoja alikuwa na kipaji cha kuuliza mbele ya watu wote, mbege ikiwa mkononi, “Na wewe, mwanangu, bado uko pale pale?” Lakini vipimo vya Desemba vilikuwa na mambo mawili ambayo sikuyathamini mpaka yalipotoweka. La kwanza ni kwamba aliyepimwa alikuwa mbele ya macho yetu kwa wiki mbili nzima. Tuliliona gari lake, na tulimwona pia akijitenga nyuma ya migomba kuzungumza na anayemdai. Tulisikia anavyokohoa usiku, tukajua kama anacheka na mkewe. La pili ni kwamba Januari ilifika. Shule zilifunguliwa, wageni wakashuka na mabasi yao, na tuliobaki mlimani tukarudi kwenye shughuli zetu bila kuwawazia hadi mwaka wa pili.

Simu imeyaondoa yote mawili. Imetuachia gari, ikaficha kikohozi. Na Januari haifiki.

Nina miaka thelathini na moja. Ninaishi Kibosho kwa wazazi, na kila asubuhi nashuka Moshi mjini, ambako kazi yangu ni kuonja kahawa. Kwa usahihi zaidi, bado najifunza, na huu ni msimu wangu wa nne. Niliosoma nao chuo wametawanyika: yumo wa benki, yumo wa shirika la misaada, yumo kiongozi wa watalii ambaye picha zake za kibao cha Uhuru, mita 5,895 juu ya bahari, nimezizoea kama kalenda ya ukutani. Tangu mwaka 2022 mtandao wa intaneti ulipofikishwa mlimani, rafiki yangu huyo hangoji hata kushuka. Mimi bado nahangaika na asubuhi yangu, naye amekwisha kuwaamkia wafuasi wake akiwa juu ya mawingu.

Utajiri wa Bakhresa haujawahi kuninyima usingizi. Anayeninyima ni yule niliyekuwa nikigawana naye daftari. Mwanasaikolojia Leon Festinger aliliandika jambo hili mwaka 1954: mtu akikosa kipimo cha kujipimia, huwatazama watu, na huwachagua wale wanaofanana naye. Wazee wetu walikuwa na neno la watu hao, rika, na rika ndilo lililokuwa kipimo. Ninachohisi nikiwatazama si husuda, kwa maana simwombei yeyote aporomoke. Ni ule wasiwasi wa msafiri aliyesimama kituoni, akiona kila basi linaondoka na watu anaowafahamu.

Sasa tulitazame neno lenyewe, kama ilivyo kawaida yetu humu. Kulinganisha kumetokana na linga, kuwa sawa kwa kimo au kwa kipimo. Vitu vinavyolingana ni vile vilivyo sawa. Kulinganisha basi, kwa umbo lake, ni kuvifanya vitu vilingane: kuviweka kwanza katika usawa mmoja, ndipo tofauti zao zionekane. Mwashi haulizi ukuta upi ni mrefu kabla hajajua kama misingi iko sawa. Nadhani lugha imetutangulia hapa kwa mbali.

Najua hivyo kwa sababu kulinganisha ndiko kunakonilisha. Meza ya waonjaji ni mahali pa kulinganisha tu, na karibu kanuni zake zote zipo ili usawa usivunjike. Sampuli zote hukaangwa kwa kiwango kimoja na kupumzishwa. Kila kikombe hupewa kahawa ya kipimo kile kile, gramu 8.25 kwa mililita 150 za maji, na maji huwa ya joto moja, nyuzi 93 hivi. Kila sampuli huwekwa vikombe vitano, maana kimoja kinaweza kudanganya. Vikombe havina majina, vina namba. Sijui kama ninachokionja kimetoka kwenye shamba la mjomba au Mbinga. Baada ya dakika nne tunavunja kwa kijiko ule ukoko wa unga unaoelea juu, tunanusa, tunauondoa, kisha tunangoja.

Kungoja huko ndiko mgeni asikokuelewa. Kahawa ya moto sana huficha kasoro zake. Harufu hupanda, ulimi hushtuka, na mtu huapa kwamba ameonja kitu cha peponi. Kikombe kikipoa ndipo ukweli hutoka: uchachu uliokuwa mchangamfu unageuka siki, au utamu uliokuwa umejificha unaanza kujitokeza. Kwa hiyo tunaonja kile kile mara kadhaa, kikiwa moto, kikiwa vuguvugu, na kikikaribia kupoa kabisa, ndipo tunaandika. Katika muda wote huo hakuna anayesema. Si adabu tu. Mwonjaji mkuu akiguna kwa kuridhika, sisi wanafunzi tutaanza kuonja alichokionja yeye. Kila mtu huandika alama zake kwanza, ndipo midomo hufunguliwa.

Sipati taabu kuona jinsi Instagram inavyozivunja kanuni hizi. Kikombe ni kimoja badala ya vitano. Kina jina, tena kubwa. Huletwa kikiwa moto, dakika ile ile gari linapokabidhiwa. Na kabla sijaandika alama zangu, watu mia mbili wamekwisha kuguna.

Desemba iliyopita rafiki yangu wa daftari alikuja Moshi na gari ambalo nilikuwa nimeliona simuni tangu Agosti. Tulikaa kwao, tukanywa mtori, na yeye mwenyewe akaniambia kwamba ofisini kwao pamefunguka nafasi ya mauzo. Alikuwa amekwisha kunitaja kwa mkubwa wake. Jibu lilitakiwa kabla ya tarehe 10 Januari. Nilimwomba tufanye hesabu kwa uwazi, kwake na kwangu, kwenye karatasi moja. Alicheka, lakini akakubali, na namshukuru kwa hilo kuliko kwa nafasi yenyewe.

Yeye hupokea shilingi 1,400,000 kwa mwezi baada ya makato. Mkopo wa gari hula 520,000, nyumba 300,000, mafuta 170,000, chakula na maji na umeme 230,000, na nyumbani hutuma 100,000. Kinachobaki ni 80,000. Mimi napokea 450,000. Nauli na matumizi yangu ni 150,000, na nyumbani natoa 120,000. Kinachobaki ni 180,000. Kwa dakika moja nilijiona mshindi, na ningekuwa mtu wa kupiga picha ningeipiga ile karatasi.

Lakini hicho kilikuwa kikombe cha moto upande wangu. Mimi nalala kwa wazazi, yeye analipa kodi. Hapo usawa umekwisha kuvunjika. Tena mkopo wake unamalizika baada ya miezi kumi na minne. Tukingoja kipoe, yeye atabakiwa na 600,000 kila mwezi na gari juu yake, na mimi nitakuwa pale pale kwenye swali la shangazi. Kwa fedha, rafiki yangu yuko mbele, wala si kwa udanganyifu wa picha. Watu hupenda kusema kwamba yote ya mtandaoni ni uongo. Mengine ni kweli tupu, na mtu anapaswa kuwa na la kufanya na ukweli huo pia.

La kufanya nililipata katika kanuni nyingine ya meza. Robusta ya Kagera haihukumiwi kwa karatasi ya arabika ya Kilimanjaro; ina karatasi yake, kwa kuwa inatafutwa kwa sifa zake. Nikajiuliza karatasi yangu ni ipi, na nikaenda kulichukua daftari langu la kazini. Humo nimeandika tangu msimu wa kwanza alama zangu na, pembeni, alama za mwonjaji mkuu kwa kikombe kile kile, zote zikiwa zimeandikwa kabla hatujazungumza. Msimu wa kwanza tulipishana alama nne au tano katika mia, na katika biashara hii hiyo ni tofauti ya kahawa ya kuombwa na kahawa ya kusukumwa. Msimu wa pili tatu. Msimu huu mara nyingi hatupishani zaidi ya moja na nusu. Huo ni mwendo ambao hauna picha. Na ungekuwa umesimama, daftari lingeniambia vilevile, nami ningeshuka na basi la Januari bila kinyongo.

Kuna na jambo la muda. Mavuno ya mlimani ni mara moja kwa mwaka. Kahawa mpya huanza kuingia kati ya Julai na Agosti, na ulimi hujifunza msimu hadi msimu. Nikienda kwenye mauzo mwaka mmoja, msimu huo siwezi kuusoma usiku kama mtihani wa marudio. Kazi ya mauzo itakuwepo nikiwa na miaka thelathini na mitatu. Nilijipa misimu miwili zaidi, nikaandika tarehe, nikamwonyesha mama ili asiwe na shaka kwamba naahirisha maisha. Mama alisoma, akauliza tu kama mshahara nao una msimu wa kupanda. Swali zuri, nimeomba nyongeza, bado sijajibiwa.

Tarehe 8 nilimwandikia rafiki yangu kwamba nabaki. Simu sijaifuta, ila asubuhi siifungui mpaka alama zangu ziwe zimeandikwa. Picha zake naziona mchana, na baadhi bado zinachoma.

Alinijibu kwa ujumbe wa sauti: “Haya, mama kahawa. Lakini nitumie basi nusu kilo ya hiyo yenu, ile AA.” AA ni punje kubwa, zinazobaki juu ya chekecheo pana, ukubwa huo hupimwa kabla mtu yeyote hajaonja. Nikamtumia B, iliyoishinda AA mezani wiki ile. Bado hajaniambia kama ameona tofauti.