Kutoka Ubaoni Hadi kwa Mwenye Kazi

Nilipochaguliwa kuwa katibu wa kamati ya mitaro ya mtaa wetu, huku Temeke upande unaoteremkia bonde la mto Kizinga, nilikabidhiwa daftari la kaunta lenye mihtasari ya vikao vya nyuma. Mihtasari yote ilikuwa na sura moja: kufungua kikao, yatokanayo, ajenda, mengineyo, kufunga kikao. Kwenye yatokanayo kulikuwa na sentensi iliyohama kutoka kikao hadi kikao bila kubadilika: "Suala la mtaro linaendelea kufuatiliwa." Anayelifuatilia hakutajwa popote.

Na mtaro haukuwa jambo dogo. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, ambayo yaliua watu na kuwafanya wakazi wengi wa mabondeni wahamishiwe Mabwepande, kule Kinondoni, hakuna aliyekaa karibu na mto hapa Dar es Salaam akayasubiri masika kwa amani. Mwaka 2015 ulianza mradi wa Ramani Huria, wanafunzi wa vyuo wakapita kwenye kata zilizokuwa zikifurika wakiwa na wenyeji, wakichora nyumba, vichochoro na mitaro. Miradi na warsha za miaka ile zilituletea mazoea mapya ya kikao: kuandika mbele za watu. Ofisi yetu ya mtaa ikapata ubao mweupe na kalamu zake za rangi, tukauegemeza ukutani, na kuanzia hapo kila aliyesema jambo aliliona limeandikwa. Watu waliupenda. Mzee aliyekuwa akinung'unika miaka yote kwamba maneno yake hayaingii kwenye muhtasari aliweza kunyoosha kidole na kusema, "Langu lile pale."

Kisha simu zenye kamera zikaenea na muhtasari ukazidi kuwa mwepesi. Kikao kikiisha, mtu anapiga picha ya ubao, anairusha kwenye kundi la wasapu, watu wanajibu kwa dole gumba na "asante katibu." Picha iliyohifadhi kikao chote ilikuwepo kwenye simu ya kila mjumbe. Mtaro ulibaki na mchanga wake.

Ilinichukua muda kuelewa kwa nini. Ubao unafuata mpangilio wa mazungumzo, na mazungumzo yana njia zake. La kwanza kuandikwa ni la aliyewahi kunyoosha mkono, na la mwisho ni la yule aliyelikumbuka watu wakiwa wameshaanza kusimama. Kazi nayo ina mpangilio wake ambao haujui nani alizungumza lini. Mtu akipokea picha ile, anatakiwa aitafsiri peke yake, ajue lipi linamhusu na lipi linatangulia lipi, na hilo halifanywi na mtu aliyesimama kwenye daladala la Mbagala.

Kikao kilichotubadilisha kilikuwa cha Jumapili tarehe 3 Februari 2019. Tulitaka kuzibua mtaro Jumamosi ya tarehe 23, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ambayo nchi nzima hufanya usafi, ili masika ya Machi yakute njia ya maji iko wazi. Ubaoni, kwa utaratibu wa kusemwa, kulikuwa na haya: "Mtaro J'mosi 23." "Fundi – vifuniko." "Glavu, sepetu, nani?" "Barua kata," mshale, "manispaa." "Elfu 2 kila kaya," imezungushiwa duara. "Wapangaji bondeni waambiwe." Na chini kabisa pembeni, kwa kalamu iliyokuwa ikikauka wino: "Gari 1 la mchanga."

Nilipiga picha nikiwa nimesimama kidogo upande, taa ya simu imezimwa, kwa sababu ubao mweupe ukipigwa uso kwa uso hurudisha mwanga na kuacha doa jeupe juu ya maneno. Nilipiga moja ya ubao mzima ya kuonyesha nini kiko karibu na nini, halafu nyingine za karibu, kila moja ikiingiliana kidogo na mwenzake. Zile za kunakilia sikuzipitisha kama picha za kawaida za wasapu, maana huko hupunguzwa ukubwa na maandishi membamba yakafifia. Nilijitumia kama faili ili zifike kama zilivyopigwa. Lile la gari, kwenye picha iliyopita kundini, lilisomeka kama kivuli tu.

Nyumbani nilinakili kwanza kila neno kama lilivyo, bila kurekebisha, na kila kipande nikakipa namba. Hatua hii inaonekana ya kupoteza muda, nami naitetea kuliko nyingine zote. Ukianza kupanga papo hapo, macho yanaruka yale usiyoyaelewa, na usiyoyaelewa ndiyo yenye kazi iliyojificha. Mwisho wa kupanga nilirudi kwenye namba zile na kuhakikisha kila moja imekwenda mahali fulani, hata kama mahali penyewe ni "liulizwe."

Maana si kila kilichoko ubaoni ni kazi. "Mtaro J'mosi 23" ulikuwa uamuzi. "Elfu 2 kila kaya" lilikuwa swali, na duara lile nilikumbuka lilichorwa wakati watu wanabishana, kabla hatujakubaliana chochote. Mchango wa kaya unahitaji ridhaa ya mkutano wa wakazi, kwa hiyo ukiuingiza kwenye orodha kama kazi, kuna mtu ataanza kugonga milango ya watu kwa jambo lisilopitishwa. Picha haiwezi kukwambia hayo. Inaonyesha duara, haionyeshi kama duara ni la kukubali au la kushuku, na ndiyo maana orodha inafaa iandikwe jioni ileile, sauti za kikao zikiwa bado masikioni.

"Fundi – vifuniko" ndilo lililonifundisha zaidi. Kamati yetu ilikuwa na mafundi wawili waliokuwa wakiitwa "fundi" tu: fundi uashi na fundi wa kuchomelea. Kama ni wa kwanza, vifuniko ni vya zege, vinafunika mtaro watoto wasitumbukie. Kama ni wa pili, ni chekeche ya nondo kwenye mdomo wa kalavati, ya kuzuia chupa za plastiki. Yaani bila kumjua mwenye kazi, hata kazi yenyewe huijui. Nilimpigia mwenyekiti.

"Mwenyekiti, shikamoo. Fundi uliyemsema ni yupi?"

"Marahaba. Wa kuchomelea, katibu. Ya nondo ile."

"Na uchafu utakaonasa pale utaondolewa na nani?"

Alinyamaza, kisha akasema, "Hilo hatukulisema."

Kweli hatukulisema, na chekeche isiyosafishwa huziba kalavati haraka kuliko mchanga. Kazi hiyo iliingia kwenye orodha ingawa haikuwepo ubaoni, na nikaandika wazi kwamba imeongezwa baada ya kikao, ili asitokee wa kusema amebambikiziwa.

Kupanga nilianzia mwisho nikirudi nyuma. Ili watu wazibue tarehe 23, mchanga lazima uwe na pa kwenda, kwa sababu ukirundikwa kando ya mtaro, mvua ya kwanza inaurudisha wote ndani. Kwa hiyo gari, lililoandikwa mwisho kabisa, lilitakiwa kuthibitishwa kabla ya mtu yeyote kushika sepetu. Na gari moja la safari ngapi? Fundi uashi alikwenda na futi kamba yake: mtaro mita 180, upana sentimita 60, mchanga kina cha wastani sentimita 30. Hiyo ni zaidi ya mita za ujazo 32. Lori la tani saba linabeba kama mita nne za mchanga uliolowa, ikawa safari nane. "Gari 1" kwa siku moja lisingeweza. Tukakubaliana kwa simu kuzibua nusu ya chini tu, mita 90, safari nne, tukianzia maji yanakoishia na kupanda juu. Ukianza juu, unafungulia maji yaje kusimama mahali ambapo bado pameziba.

Orodha niliyotuma Jumatano usiku ilisomeka hivi. Majina na namba za simu nimeyaondoa hapa, nimeacha vyeo:

1. Kupima mchanga – fundi uashi – imekwisha 6/2
2. Kupeleka barua kata hadi manispaa na kurudi na nakala yenye muhuri wa kupokelewa – mtendaji wa mtaa – 8/2
3. Kuthibitisha lori, safari nne, na mahali pa kumwaga – mhazini – 15/2
4. Kuwaambia wapangaji wa bondeni waondoe vitu kandokando – mjumbe wa shina – 17/2
5. Kukusanya glavu na sepetu ofisini – mama wa genge – 22/2
6. Kuzibua mita 90 kutoka chini – mwenyekiti – 23/2, baada ya namba 3
7. Kufunga chekeche – fundi wa kuchomelea – baada ya namba 6
8. Kusafisha chekeche kila Jumamosi – (haina mwenyewe)

Kila mstari una mtu mmoja. Wasaidizi wanaweza kuwa kumi, ila anayeulizwa ni mmoja, na kabla sijamwandika nilimpigia nikasikia akisema "sawa" kwa mdomo wake. Mama wa genge hakuwepo kikaoni. Jina lake lilitajwa na wengine, na mtu aliyepangiwa kazi asipokuwepo huipata habari hiyo kama umbea. Angalia pia namba 2. Ubaoni mshale ulikwenda "manispaa", lakini manispaa haiwezi kuwa mwenye kazi kwenye orodha ya mtaa. Mwenye kazi ni anayebeba barua, na ushahidi wake ni nakala yenye muhuri. Tangu hapo nalikwepa neno "kufuatilia" kwenye orodha zetu, kwa sababu huwezi kujua limekwisha lini.

Nafasi tupu ya namba 8 niliiacha makusudi, ionekane. Baada ya siku mbili kijana wa bodaboda anayeegesha karibu na kalavati aliandika kundini: "Nipeni mimi hiyo."

Tarehe 23 lori lilifanya safari tatu, likaharibika. Kwa kuwa tulianzia chini, sehemu iliyokuwa wazi ilikuwa ile inayofika mtoni, na mchanga uliobaki tuliujaza kwenye magunia tukayaweka ndani ya nyua, mbali na mtaro. Safari ya nne ikawa mstari wa kwanza wa orodha iliyofuata, chini ya jina la mhazini.

Ubao bado tunautumia, na picha bado zinapigwa. Kilichobadilika ni dakika kumi za mwisho: kabla watu hawajainuka, nasoma kila kipande kwa sauti nikiuliza ni uamuzi, ni kazi au ni swali, na kama ni kazi, nani. Nusu ya mabishano yetu sasa hutokea hapo, watu wote wakiwa bado wamekaa.