Bei Iulizwe Mwisho

Mzee aliyenifundisha kazi ya vyuma chakavu pale Busia alikuwa na sheria moja: bei iulizwe mwisho. Siku moja, Tororo, tukaletewa mfereji wa maji. Muuzaji akasema ni brasi.

"Pima," mzee akaniambia. Ulikuwa mzito.

"Angalia palipobanduka." Palikuwa na unga mweupe. Brasi iliyozeeka huwa ya kahawia, na kijani kwenye pembe.

"Gonga." Brasi hulia kama kengele, huu ulitoa sauti butu.

Tukaufungua, tukamwaga mchanga uliojaa ndani. Ukawa mwepesi: zinki tupu.

"Uzito peke yake hudanganya, kijana. Na ukishataja bei kwanza, hata masikio yako yatasikia brasi."