Wacha Taima, Weka Alama Kwenye Fremu

Wasee, kuna kitu hunikera kwenye gemu za ngumi za simu. Mkono unafika usoni mwa adui, unaanza hata kurudi, ndio sasa unasikia "pwaa!" Watu hulaumu faili ya sauti. Mimi kwanza huuliza swali moja: pigo limepangwa na nani, taima au animesheni yenyewe?

Tuchukue mfano kwa Unity, maana ndiyo mimi hutumia. Una klipu ya ngumi ya fremu 30 kwa sekunde. Ukiisogeza fremu moja moja, unaona ngumi inagusa kwenye fremu ya 12, yaani sekunde 0.4 tangu klipu ianze. Mtu wa taima anaandika msimbo usubiri sekunde 0.4, kisha ucheze sauti na utoe damage. Inafanya kazi poa kabisa, hadi siku mchezaji anapewa nguvu ya kupiga haraka na spidi ya klipu inapanda hadi 1.25. Sasa ngumi inagusa kwa sekunde 0.32, lakini taima bado inangoja 0.4. Hizo sekunde 0.08 ni fremu tatu nzima za klipu. Pigo linahesabiwa fremu ya 15, wakati mkono ushaanza safari ya kurudi. Adui akiwa ameruka nyuma, ngumi iliyomgusa kabisa inahesabiwa imemkosa. Hapo mchezaji ananyimwa haki yake, na hawezi kukuambia kwa nini. Atasema tu gemu yako ni mbovu.

Dawa ni `Animation Event`. Hii ni alama unayoibandika kwenye fremu yenyewe, na klipu ikipita hapo inaita funksheni uliyoitaja. Spidi ikipanda au ikishuka, alama inaenda na klipu. Kama klipu imetoka kwenye faili ya FBX, alama unaiweka kwenye Inspector, kichupo cha Animation, sehemu ya Events, halafu ubonyeze Apply. Funksheni lazima ikae kwenye skripti iliyo kwa kitu kile kile chenye Animator. Ikiwa umeiweka kwa mzazi wake, Console itakulalamikia kwamba tukio "has no receiver!"

Kwa ngumi yetu mimi huweka alama mbili: fremu ya 12 inafungua eneo la kugonga, fremu ya 14 inalifunga. Lakini hapa kuna mtego. Mhusika akipigwa yeye kwenye fremu ya 13, klipu inakatizwa na ile alama ya 14 haifikiwi. Eneo linabaki wazi, na utaona adui wakiumia kwa kupita tu karibu naye. Kwa hivyo usitegemee alama pekee kufunga. Funga pia kwenye `OnStateExit`, ndio hali yoyote ikikatika, mlango ufungwe.

Nyayo nazo zina kisirani chao. Unaweka alama pale kisigino kinapogusa chini, mara mbili kwa kila mzunguko, mguu wa kushoto na wa kulia. Halafu unachanganya klipu ya kutembea na ya kukimbia kwa Blend Tree, na ghafla mhusika mmoja anasikika kama watu wawili. Sababu ni kwamba klipu zote mbili zinacheza kwa pamoja, na kila moja inaita alama zake hata kama uzito wake ni mdogo sana. Uliza uzito kwanza:

```csharp
public void Hatua(AnimationEvent e)
{
    if (e.animatorClipInfo.weight > 0.5f)
        spika.PlayOneShot(kishindo);
}
```

Sasa klipu yenye uzito zaidi ndiyo inaongea, ile nyingine inanyamaza. Kumbuka tu hii inafaa klipu mbili. Ukichanganya tatu, inaweza kutokea hakuna hata moja iliyopita nusu, na mhusika atatembea kimya kama mzimu.

Nisiwadanganye pia: alama iko sawa kwa fremu ya klipu, si kwa kila fremu ya skrini. Simu inayosukuma fremu 20 kwa sekunde huangalia klipu kila baada ya sekunde 0.05, kwa hivyo tukio linaweza kuchelewa hadi hapo. Tofauti ni kwamba hata likichelewa, picha nayo imechelewa, na vyote viwili vinatokea pamoja. Taima ikikosea, sauti inabaki peke yake na picha imeshaenda.

Kwangu mimi, anayejua pigo linatua lini ni yule aliyechora ngumi. Msimbo kazi yake ni kungoja aitwe.