Hongera Iliyofutwa Mara Nne

Mdada mmoja wa Katoro, mkoani Geita, alimtumia shosti yake wa Shinyanga mjini picha ya kadi ya kliniki. Hakuandika neno. Shosti akaelewa hapohapo, akapiga kelele ofisini mpaka watu wakageuka. Halafu akakumbuka ya mwaka juzi, kidole kikaganda kwenye simu.

Mwaka juzi mimba ya kwanza ilitoka ikiwa na miezi mitano. Watu walishaanza kumwita Mama Kijacho, na haohao baadaye hawakujua wamwiteje.

Basi akaandika "Hongera Mama Kijacho", akafuta. "Mungu amekurudishia" nayo akafuta, maana yule hajarudi, huyu ni mwingine. "Safari hii itakuwa poa"? Nani kampa hiyo ahadi! Hata "ina miezi mingapi?", swali la kawaida kabisa kwa mjamzito, kwa huyu ni kuhesabu kuelekea ule mwezi wa tano. Likafutwa.

Lakini tiki za bluu zilishaonekana, na kimya nacho kinauma. Akatuma: "Nimeona wangu. Nimefurahi mpaka machozi. Ukitaka tuongee nipo, usipotaka pia nipo. Simwambii mtu."

Ikarudi voisi ndefu, kilio na kicheko humohumo. Ana wiki 16, na anaogopa hata kununua soksi. Shosti hakumwambia asiogope. Alijibu tu, "Basi soksi zitasubiri."

Likabaki la zebaki, na hapo ndipo pagumu. Mdada anamsaidia kaka yake kazi ya dhahabu. Mchanga uliosagwa unachanganywa na zebaki ili ikamate dhahabu, unakamuliwa kwenye kitambaa, kisha donge linachomwa motoni. Zebaki inapaa kama mvuke usio na harufu. Ukiuvuta unaingia kwenye damu, na kondo la nyuma haliuzuii, unamfikia mtoto. Kwa hiyo lazima aambiwe. Ila ukikosea neno moja, yeye atasikia "ndiyo maana ile ilitoka", wakati mimba hutoka kwa sababu nyingi na mara nyingi sababu haijulikani.

Shosti akapiga simu, akaongelea ya mbele tu. "Mwambie bro achome mwenyewe, mbali na nyumba, na zile nguo za kazi zibaki hukohuko. Wewe shika daftari la mauzo. Na kliniki waambie mnafanya kazi gani, wasije wakakosa kujua."

Kimya. Kisha: "Kwa hiyo ile nilisababisha mimi?"

"Hakuna anayejua dada, na mimi sisemi hivyo. Naongelea huyu."

"Wabeja," akajibu Kisukuma, sauti ikikwama.

Wiki hiyohiyo kaka mtu akahamisha jiko la kuchomea, akalipeleka kule kwenye karasha. Aliambiwa dada yake ana kifua, moshi unamsumbua. Habari yenyewe mwenye nayo ataitoa akiwa tayari.