Nani Aliwahesabu?

Mwaka uliopita, wiki chache kabla ya kumbukumbu ya Februari ya mashujaa wa Maji Maji, ofisa mmoja wa serikali aliniomba nimwandalie ukurasa mmoja wa maelezo ya kihistoria, utakaoingizwa katika hotuba ya mkubwa wake. Kazi kama hizi huwa sizikatai. Niliketi jioni moja nikaandika aya nne bila kufungua kitabu, kwa kuwa somo hilo nimelifundisha miaka mingi na nilidhani nalijua.

Niliandika kwamba vita vilianza Julai 1905 katika milima ya Matumbi, watu walipong'oa pamba waliyolazimishwa kulima. Niliandika kwamba Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti mwaka huohuo, na kwamba viongozi wa Wangoni walinyongwa Songea tarehe 27 Februari 1906. Kisha nikamalizia: "Watu 300,000 walipoteza maisha." Nukta. Sentensi zote zilisimama wima kwa urefu uleule, kama askari kwenye gwaride.

Nilimpa mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili azihakiki tahajia. Alirudi na karatasi ikiwa safi, ila pembeni mwa sentensi ya mwisho alikuwa ameandika kwa kalamu ya risasi: "Nani aliwahesabu?"

"Samahani, Mwalimu," aliniambia, "sina ubishi na namba yenyewe. Nataka tu kuelewa imepatikanaje."

Nilifungua kinywa nimjibu, nikakuta sina jibu. Kwa miaka yote hiyo nilikuwa nimeitaja namba ile mbele ya madarasa kwa sauti ileile niliyotumia kutaja tarehe ya kunyongwa kwa Kinjikitile, na hali mambo haya mawili hayafanani hata kidogo. Tarehe ya kunyongwa mtu na dola huandikwa na dola iliyomnyonga. Vifo vya wakulima waliokufa kwa njaa porini haviandikwi na mtu.

Kwa hiyo tulikaa, mimi na yeye, tukaifuatilia. Takwimu ya serikali ya Kijerumani inayonukuliwa mara nyingi ni watu 75,000. Ile kubwa, ya kati ya 250,000 na 300,000, ni makadirio ya mwanahistoria Gilbert Gwassa, mmoja wa watafiti walioongoza kazi ya kukusanya simulizi za wazee wa kusini katika miaka ya 1960, chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Katika makadirio hayo, waliokufa wanakaribia theluthi moja ya wakazi wote wa maeneo yaliyopigana. Lakini ili useme theluthi, sharti uijue jumla, na jumla hiyo haikupata kuhesabiwa: kabla ya vita hakukuwa na sensa ya watu wa kusini. Tena kuna swali la mahali pa kukomea. Je, aliyekufa kwa njaa baada ya bunduki kunyamaza ahesabiwe? Na aliyehama akavuka mto asirudi tena, yumo au hayumo? Kila jibu linaisogeza namba kwa maelfu.

Upande wa pili wa daftari uko wazi kwa namna inayouma. Kwa hesabu za Wajerumani wenyewe, upande wao ulipoteza Wazungu 15 na askari Waafrika 389. Walijua kuhesabu, basi. Wale wengine ndio hawakuonekana wanastahili kuhesabiwa. Nilipoandika "300,000" kama kitu kilichopimwa kwenye mizani, niliufuta uovu huo bila kujua: nilimpa msomaji picha kwamba mahali fulani kuna orodha. Orodha hiyo haipo, na kukosekana kwake ni sehemu ya kosa lililotendwa.

Nilidhani dawa yake ni rahisi. Nikabadilisha: "Inakadiriwa kwamba watu 300,000 walipoteza maisha." Mwanafunzi akasoma, akatabasamu kwa adabu. Nikamwelewa kabla hajasema neno. Kiswahili chetu cha ofisini kina hazina ya vitenzi hivi: inakadiriwa, inasemekana, inasadikika, imebainika. Vinavaa kanzu ya unyenyekevu, ila kazi yao mara nyingi ni kumficha mwenye kauli. Nani anakadiria? Kwa kutazama nini? Anayesoma "inasemekana" hawezi kumwendea yeyote kumuuliza. Nadhani ndiyo sababu tunavipenda sana katika ripoti zetu. (Nimesahihisha tasnifu ambazo "inasemekana" imetokea mara tatu katika ukurasa mmoja, na mara zote tatu msemaji alikuwa mtahiniwa mwenyewe.)

Kosa la upande wa pili pia nililifanya, katika rasimu ya tatu: nikanyunyiza "huenda" na "yumkini" kila mahali, hata kwenye pamba ya Matumbi. Hiyo nayo ni sauti moja, ila imeshushwa. Msomaji hawezi tena kutofautisha lililothibitika na linalobishaniwa.

Rasimu ya nne ndiyo niliyoipeleka. Tarehe niliziacha zilivyo. Juu ya njaa niliandika bila kusita kwamba majeshi ya gavana Götzen yalichoma vijiji, mashamba na maghala ya nafaka kwa makusudi, kwa sababu makamanda wenyewe waliandika kwamba njaa ndiyo itakayowasalimisha watu. Kisha: "Hatujui waliokufa ni wangapi. Serikali ya kikoloni ilitaja 75,000. Mwanahistoria Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa. Hakuna aliyewahesabu walipokuwa hai, wala walipokufa."

Ofisa alinipigia simu asubuhi yake.

"Daktari, shikamoo. Kazi nzuri sana. Ila hapa pa 'hatujui'... Mkubwa hawezi kusimama mbele ya wananchi akasema hatujui."

Nilimweleza kama nilivyoeleza hapa. Alinisikiliza kwa uvumilivu, kisha akanipa hoja ambayo siidharau. Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuja Songea Novemba 2023 akaomba radhi mbele ya kizazi cha waliouawa. Madai ya fidia na ya kurejeshwa kwa mabaki ya wazee wetu bado yako mezani. Je, tukisema hatujui, hatuwapi wenzetu mwanya wa kupunguza deni?

Nilimjibu kwamba mwanya mkubwa zaidi ni ule ninaoutoa mimi ninapodai kujua. Wakili wa upande wa pili hana haja ya kubisha juu ya maghala yaliyochomwa. Atauliza tu alichouliza mwanafunzi wangu, na namba ikianguka, maghala nayo yataonekana yametiwa chumvi, kwa kuwa yote nimeyasema kwa sauti moja. Deni halikujengwa juu ya namba ile. Limejengwa juu ya nia ya kuua kwa njaa, na nia hiyo wameiandika wao.

"Nimekuelewa, Daktari," alisema. "Nitaona cha kufanya."

Siku ya kumbukumbu nilisikiliza hotuba kwa redio. Matumbi ilitajwa, Mohoro ikatajwa, maghala ya nafaka yakatajwa kwa maneno yangu yaleyale, na nilifurahi. Halafu msemaji akavuta pumzi na kusema kwamba watu zaidi ya 300,000 walipoteza maisha. Lile neno "zaidi" halikuwamo katika rasimu yangu yoyote.