Kuipanga Upya Ripoti ya Uhakiki

Sisi wawili, mtu na mkewe, ni watu wa utafiti wa kilimo hapa Kirua Vunjo. Mara kwa mara mhariri wa jarida hututumia andiko tulihakiki, nasi hulisoma pamoja kwa ruhusa yake. Andiko la mtu ni siri, kwa hiyo katika mfano huu tumebadilisha mambo machache.

Mwandishi alidai kwamba kahawa iliyo chini ya migomba huzaa vizuri kuliko iliyo juani. Rasimu yetu ya kwanza, ambayo huwa ni yetu wenyewe, ilikuwa orodha iliyofuata kurasa: tahajia ukurasa wa 1, ramani isiyosomeka ukurasa wa 3, kisha katikati sentensi hii: "Sampuli ni mbaya na hitimisho halina msingi."

Rasimu ya pili ndiyo ya mwandishi. Kwanza tulieleza kwa sentensi tatu andiko linadai nini. Akiona tumelielewa, atasikiliza yanayofuata. Akiona hatukulielewa, atajua pa kuanzia kutujibu.

Kisha tuliipanua ile sentensi. Mbaya kwa nini? Vihamba vyenye migomba mingi vilikuwa karibu na kichwa cha mfongo, na vya juani vilikuwa mwisho wake. Kila mtu wa huku anajua kwamba maji yakipungua, wa mwisho ndiye hukosa. Basi huenda kilichozidisha mavuno ni maji, wala si kivuli. Tukaandika hivi: "Jedwali la 2 halitenganishi kivuli na maji. Kama mwandishi ana kumbukumbu za zamu za maji, alinganishe vihamba vinavyopata maji sawasawa. Kama hana, hitimisho liseme tu kwamba kivuli na mavuno vilionekana pamoja." Njia ya pili ni muhimu, kwa kuwa msimu uliopita haurudi, na kumwambia mtu akapime upya ni kumfungia mlango.

Hoja hiyo tuliiweka ya kwanza, kwa sababu ikijibiwa, hitimisho lote hubadilika. Ramani ikafuata, maana bila ramani msomaji haoni vihamba viko wapi kwenye mfongo. Tahajia tulizikusanya mwisho katika aya moja. Zikitangulia, mwandishi husahihisha herufi ishirini na kudhani kazi imekwisha.

Neno "mbaya" lilitoka, na kila "umekosea" ikawa "jedwali halionyeshi". Maoni ya kukubali au kukataa andiko tuliyaweka katika barua ya mhariri peke yake, kwa kuwa uamuzi ni wake.

Kabla ya kutuma, mmoja wetu husoma kila hoja kwa sauti na mwingine huuliza: "Kesho asubuhi mwandishi afanye nini?" Hoja isiyo na jibu hurudi kuandikwa, au hufutwa.